Jioni 13.0, usiku 11.5: kisa cha betri ya Kibosho iliyoambiwa imekufa wakati haijafa

Kuna betri moja ya sola huko Kibosho, juu ya Moshi, mwezi wa saba iliambiwa imekufa na fundi aliyepita pale kabla yangu, na ushahidi wake ulikuwa namba mbili tu za volti alizosoma kwenye kioo cha kontrola, kile kidude kinachokaa kati ya paneli na betri kusimamia chaji. Saa kumi jioni kioo kilisema 13.0 na vimistari vyote vinne vimejaa, saa tatu usiku ikiwa tivii imewaka na taa zimewaka kikasema 11.5 na kimebaki kimstari kimoja. Hoja yake ukiisikia haraka inaingia akilini kabisa: jioni ilikuwa imejaa, masaa machache baadae imekwisha, kwa hiyo haishiki chaji, nunua mpya. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kukusanya hela, na betri ya ampea 100 sa hivi sio hela ndogo kwa mtu anayeuza ndizi na maziwa.

Shida ya ile hoja iko mwanzoni kabisa, pale kwenye "jioni ilikuwa imejaa". Haikuwa imejaa. Na pale kwenye "imekwisha" pia haikuwa imekwisha kwa kiasi ambacho 11.5 inakufanya ufikirie. Yaani mita haikudanganya hata mara moja, namba zote mbili zilikuwa volti za kweli za wakati ule, ila hakuna hata moja iliyokuwa inaongelea kiasi cha chaji kilichomo ndani, na ukichukua namba mbili za aina hii ukazitoa moja kwenye nyingine unapata jibu ambalo halihusiani na betri yako.

Mfumo wenyewe ni wa kawaida tu. Betri ya maji ya volti 12, ampea-saa 100 kwa ile hesabu ya kuinyonya taratibu kwa masaa 20, ina miaka mitatu hivi. Paneli moja ya wati 80 juu ya bati, kontrola ya bei ya chini, na inveta ndogo ya kuwashia tivii na king'amuzi. Taa ni za moja kwa moja za volti 12. Vikiwashwa vyote kwa pamoja, klampu mita ilinionyesha kama ampea 7.5 zinatoka kwenye betri. Kuna kitu kimoja nilikiona mapema na nitakirudia: inveta ilikuwa imefungwa kwenye kontrola badala ya kufungwa kwenye betri yenyewe, kwa hiyo ampea zote 7.5 zilikuwa zinapita kwenye waya mwembamba wa milimita 2.5 kutoka betri hadi kontrola, umbali wa mita mbili.

Sasa kabla sijaendelea na vipimo ni vizuri tuelewane kwanza volti ya betri inatoka wapi, maana watu wengi wanaichukulia volti kama ndo kiasi cha umeme. Betri ya volti 12 ina seli sita zimepangwa mfululizo, na kila seli ikiwa imetulia bila kuchajiwa wala kunyonywa volti yake inategemea ukali wa asidi iliyogusana na pleti. Unapotumia betri, asidi inaingia kwenye pleti za risasi na yale maji yanabaki mepesi, unapochaji asidi inarudi. Kwa hiyo ukijua ukali wa asidi unajua chaji, na kuna njia rahisi ambayo mafundi wa betri za maji wanaitumia sana: chukua uzito wa asidi unaosoma kwenye haidromita, ongeza 0.84, unapata volti ya seli moja ikiwa imepumzika. Asidi ya 1.265, ambayo ndo betri iliyojaa, inakupa karibu 2.1, mara sita ni 12.6 na kidogo. Ikifika nusu asidi iko kwenye 1.19 na betri inasoma kama 12.2. Ikiwa imeisha kabisa iko 1.12 na inasoma kama 11.8 au 11.9.

Angalia hapo vizuri. Kutoka imejaa mpaka imeisha ni kama volti 0.8 tu. Chaji yote ya betri imebanwa kwenye hiyo nafasi ndogo, na kitu chochote kinachosogeza volti kwa 0.3 au 0.5 kwa sababu nyingine kinakuharibia hesabu yote. Na kuchaji kunasogeza zaidi ya hapo, kutumia pia kunasogeza hivo hivo. Ndo maana lile jedwali la kugeuza volti kuwa asilimia ya chaji ambalo kila mtu anatumiwa kwenye simu linafanya kazi kwa betri iliyopumzika tu, na watu wanalitumia muda wote.

Kwa nini betri ikiwa kazini inasoma tofauti? Sababu ziko mbili na zinaenda kwa mwendo tofauti, ukizitenganisha unaelewa karibu kila kitu. Ya kwanza ni ukinzani wa kawaida, wa pleti, viunganishi na asidi yenyewe. Huu unajibu papo hapo, unawasha taa volti inashuka sekunde hiyo hiyo, unazima inapanda sekunde hiyo hiyo, na inashuka kwa kadiri ya ampea, ukivuta mara mbili inashuka mara mbili. Ya pili ni ya polepole na ndo inayosumbua watu. Pleti ya betri ina vitundu vidogo vidogo mwilini mwake, na kazi inafanyika humo ndani ya vitundu. Fikiria duka lenye rafu mbele na stoo nyuma, na kijana mmoja wa kubeba bidhaa kutoka stoo kuleta kwenye rafu. Wateja wakija wengi rafu inaanza kuwa tupu wakati stoo bado ina mali. Asidi ya kwenye vitundu ndo rafu, asidi iliyobaki kwenye seli ndo stoo, na mita yako inasoma rafu. Ukinyonya umeme asidi ya kwenye vitundu inapungua ukali kuliko ile ya nje, volti inashuka, na ukiacha kunyonya kijana anaendelea kubeba mpaka rafu na stoo zinalingana, hapo volti inakuwa inapanda yenyewe bila wewe kuchaji chochote. Hiyo ndo sababu betri "iliyokufa" usiku asubuhi inaonekana imefufuka kidogo, hakuna umeme mpya ulioingia.

Ukichaji ni kinyume chake. Asidi kali inatoka kwenye pleti na kujazana kwenye vitundu kabla haijasambaa, rafu imefurika na stoo haina kitu, mita inasoma 13 na zaidi. Hii tunaiita chaji ya juujuu. Na hapo kontrola inaongeza kosa lingine, maana wakati paneli inasukuma, hata ule ukinzani wa kawaida unaipandisha volti badala ya kuishusha. Vile vimistari vinne kwenye kontrola za bei ya chini vinaangalia volti ya wakati huo tu, havijui kama betri inachajiwa au inatumiwa, kwa hiyo jua likiwaka kidogo vinajaa na jua likizama vinaanza kupungua, siku zote, betri iwe nzima au mbovu.

Turudi Kibosho. Nilifika mchana, tukasalimiana, nikamwomba mama aniachie nyumba bila umeme usiku mmoja. Akaniangalia.

"Fundi, si umeona mwenyewe imejaa? Tatizo ni usiku."

"Mama, hiyo namba ya jioni ndo siiamini. Nipe mpaka kesho asubuhi."

Alikubali, watoto hawakufurahi. Saa kumi jioni mawingu yalikuwa yamefunguka, paneli ilikuwa inasukuma kama ampea mbili na kioo kikasema 13.1, vimistari vinne. Nikachomoa waya za paneli kwanza kwenye kontrola, ndo nikachomoa betri, (ukianza na betri wakati paneli iko juani unaweza ukaiua kontrola), alafu nikaweka pini za mita juu ya terminali zenyewe za betri, juu ya ile risasi nyeupe, kwa sababu kile kibano cha waya kilikuwa na ule unga wa kijani na unga ule nao una ukinzani wake. Dakika ya kwanza tu volti ilikuwa imeshaanguka hadi 12.86. Nusu saa baadae 12.58. Saa moja usiku 12.45, na hapo mwendo ukawa wa kinyonga. Asubuhi saa kumi na mbili, kabla jua halijatoka, 12.31.

Kutoka 13.1 hadi 12.31 bila kutumia hata wati moja. Mtu aliyesoma ile ya nusu saa kwenye jedwali angesema betri iko zaidi ya asilimia 90, na aliyesoma ya asubuhi anasema asilimia 60 hivi, na betri ni ile ile na chaji ni ile ile. Ndo maana kupumzisha nusu saa baada ya kuchaji hakutoshi, mimi nataka masaa manne kwa uchache na usiku mzima ikiwezekana. Kama huna muda kuna njia ya mkato, washa taa na vitu vingine kwa dakika chache ili kuimaliza ile chaji ya juujuu, zima, subiri robo saa au zaidi, soma. Inakusogeza karibu na ukweli, ila bado ni makadirio.

Nikafungua vifuniko nikachukua haidromita nikapima seli zote sita. Zote zilikuwa kati ya 1.205 na 1.215. Hapa kuna mambo mawili ambayo volti peke yake isingeniambia. La kwanza, namba zinakubaliana: 1.21 ukiongeza 0.84 unapata 2.05, mara sita ni 12.30, na mita imesema 12.31, kwa hiyo ile volti ya asubuhi ni ya kuaminika. La pili, seli zote ziko sawa. Betri ambayo kweli ina seli mbovu utakuta tano ziko kwenye 1.24 na moja iko 1.12, na mara nyingi seli ikifa kabisa betri inakosa volti kama mbili nzima, unaichaji usiku kucha na ikipumzika inasoma 10.5 au 10.7. Hii haikuwa hivo. Angalizo kwa wanaopima na haidromita: usipime mara tu baada ya kuongeza maji ya betri, maji yanakaa juu na unasoma maji badala ya asidi, chaji kwanza mpaka ichemke kidogo ichanganyike.

Watu wataniuliza kuhusu baridi maana Kibosho mwezi wa saba asubuhi unavaa koti. Kwenye volti ya kupumzika baridi haina athari ya kukusumbua, nyuzi kumi za tofauti zinasogeza betri nzima kama volti 0.01 tu. Baridi inagusa vitu vingine: uwezo wa betri unapungua kidogo, na betri baridi inahitaji volti ya juu zaidi ili ijae, kama 0.3 zaidi ukitoka nyuzi 25 kwenda 15, na kontrola isiyo na sensa ya joto haijui hilo.

Baada ya hapo nikarudisha waya nikawasha kila kitu, ampea 7.5, mita bado iko kwenye terminali. Ile sekunde ya kwanza ikashuka kutoka 12.31 hadi 12.15. Robo saa baadae ilikuwa 12.06. Kwa hiyo 0.16 ilikuwa ya papo hapo na 0.09 ya polepole, jumla 0.25. Kwa betri ya umri ule sijaona cha kutisha, mpya ingeshuka kidogo kuliko hapo. Na wakati huo huo kioo cha kontrola kilikuwa kinasema 11.8. Umeona? Terminali 12.06, kontrola 11.8, volti 0.2 na kitu zimepotelea kwenye waya na kwenye ule unga wa kijani. Waya wa shaba wa milimita 2.5 una ukinzani wa kama omu 0.0074 kwa mita, kwenda mita mbili kurudi mita mbili ni omu 0.03, mara ampea 7.5 ni volti 0.22. Hesabu na mita vimekutana.

Sasa chukua ile 11.5 ya fundi wa kwanza uifungue. Aliisoma kwenye kontrola, kwa hiyo kwenye terminali ilikuwa kama 11.72. Betri ilikuwa na chaji kidogo kuliko siku niliyopima mimi, na betri inavyozidi kuisha ukinzani wake unaongezeka kwa sababu asidi inakuwa nyepesi na vitundu vinazibwa na salfeti, ile chumvi ya risasi inayoota kwenye pleti ukinyonya betri, kwa hiyo badala ya kuongeza 0.25 ongeza 0.3 hadi 0.35. Unafika 12.05 hivi ikipumzika. Hiyo ni kama robo ya chaji. Ukiisoma 11.5 moja kwa moja kwenye jedwali la betri iliyopumzika unapata chini ya sifuri, kitu ambacho hakina maana yoyote, na hapo ndo mtu anapotamka neno "imekufa".

Kwa hiyo ile jioni ya fundi haikuwa kutoka imejaa kwenda sifuri. Ilikuwa kutoka kama nusu kwenda kama robo, ndani ya masaa mawili ya ampea 7.5, yaani ampea-saa 15. Robo ya betri kwa ampea-saa 15 inakupa betri ya 60, hapo kuna makadirio juu ya makadirio, ila ni mbali sana na betri ambayo haishiki kitu.

Sikutaka kumaliza kwa makadirio, kwa hiyo nikashuka nayo Moshi mjini nikaichaji kwenye chaja ya gereji taratibu mpaka asidi ikafika 1.26 kwenye seli zote na ikagoma kupanda zaidi, hiyo ndo alama ya kujaa ninayoiamini, asidi kusimama. Nikaipumzisha usiku, ikasoma 12.67. Nikaifungia mzigo ule ule wa ampea 7.5 kwa masaa manne, jumla ampea-saa 30, nikazima, nikaiacha ipumzike tena mpaka kesho yake. Ikasoma 12.34, asidi 1.21 na kidogo. Imetoka kwenye mia imefika kwenye sitini na kidogo, kwa hiyo ampea-saa 30 zimekula kama asilimia 38, na betri nzima ni kama ampea-saa 79. Kwenye mitambo ya simu betri ikifika asilimia 80 ya uwezo wake wanaanza kupanga kuibadilisha, lakini kwa taa na tivii za nyumbani bado ina kazi ya kufanya. Hii njia naipenda sana kwa sababu ndo matumizi halali ya volti: mbili zilizopumzika, na katikati yake ampea ulizozihesabu. Volti inakupa asilimia, asilimia bila kujua ni ya nini haikusaidii, betri iliyobakiwa na uwezo wa ampea-saa 20 na ile yenye ampea-saa 100 zote zikijaa zinasoma 12.6 na huwezi kuzitofautisha mpaka uzinyonye.

Basi kama betri ni nzima kiasi hicho, kwa nini nyumba inalala giza? Piga hesabu ya kinachoingia na kinachotoka. Nyumba inatumia ampea 7.5 kuanzia saa moja hadi karibu saa tano usiku, hapo ni kama ampea-saa 28. Paneli ya wati 80 kwenye jua zuri inatoa ampea nne na nusu hivi, kwa masaa matano ya jua la kueleweka ni kama 22. Na hiyo ni siku nzuri. Upande ule wa kusini wa Kilimanjaro kuanzia mwezi wa sita wingu linaweza kukaa mpaka mchana, na kwa yule mama kuna migomba imekua imeanza kuziba kona ya paneli asubuhi, siku kama hizo unapata nusu ya hapo. Betri ilikuwa inaishi kijungujiko, kinacholetwa mchana kinaliwa usiku, kontrola inakata kwenye 11.1, kesho yake vivyo hivyo, haijawahi kujaa kwa wiki nyingi. Betri mpya kabisa ungeifunga pale ingekaa vizuri wiki ya kwanza kwa sababu imekuja imejaa, alafu ingefika pale pale. Na kuna ubaya zaidi, betri ya risasi inayokaa nusu muda mrefu inaota salfeti ngumu, kwa hiyo ile ya mpya nayo ingeanza kuharibika kabla ya wakati wake.

Tulichofanya: paneli ya pili, kukata majani ya migomba, inveta ikahamishiwa kwenye terminali za betri kwa waya mnene mfupi na fyuzi yake, vibano vikasuguliwa. Jumla yake haikufika bei ya betri.

Na nikamfundisha mama saa ya kusoma. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijagusa paneli, kila kitu kimezimwa tangu usiku na inveta imezimwa kwenye swichi yake. Hapo betri imeshapumzika masaa sita au saba bila mtu kuisumbua, na bila ampea kupita kwenye waya hata kioo cha kontrola kinakubaliana na terminali. Ikiwa 12.2 au zaidi, usiku uliopita ulikuwa wa kawaida. Ikiwa chini ya 12.1 asubuhi mbili mfululizo, tivii ipunguzwe mpaka jua lirudi. Namba za jioni aziache. Za usiku pia aziache, isipokuwa kwa kulinganisha na zenyewe: mzigo ule ule, saa ile ile, kama wiki iliyopita saa tatu ilikuwa 12.0 na wiki hii 11.7 basi kuna kitu kimebadilika, hiyo ni habari halali hata kama hujui asilimia.

Kama unataka kuwa na uhakika na betri yako ambayo unahisi imekufa kweli, dalili ninazoziangalia ni hizi. Ukiichaji kwa chaja volti inaruka hadi 14 ndani ya muda mfupi sana alafu ukiiacha inaporomoka, hiyo ina salfeti au pleti zimebaki kidogo. Ikijaa na kupumzika inasoma 12.6 lakini ukiifunga mzigo mdogo wa ampea saba inaenda chini ya 12 ndani ya dakika kumi, hiyo nayo uwezo umeisha. Ikijaa ikawekwa pembeni bila kufungwa kitu na baada ya siku mbili iko 12.2, kuna seli inajinyonya yenyewe ndani. Hizo ndo betri za kununulia mpya, na zote unazigundua baada ya kuijaza kwanza, huwezi kuhukumu betri ambayo haijajaa.

Kitu cha mwisho ni mita yenyewe. Nimesema nafasi yote ni volti 0.8. Mita nyingi za bei rahisi zinaruhusiwa kukosea asilimia 0.5 ya kinachosomwa, kwenye 12.4 hiyo ni 0.06, na 0.06 ni kama asilimia 7 au 8 ya chaji. Na ile betri ndogo ya volti 9 ya ndani ya mita ikianza kuisha nyingi zinaanza kusoma juu kuliko ukweli, unaona 12.9 kwenye betri iliyopumzika unashangilia kumbe mita ina njaa. Linganisha mita yako na ya mwenzio kabla hujamwambia mtu atoe hela.

Na namba zote nilizotoa hapa ni za betri ya maji. Betri kavu asidi yake huwa kali zaidi, ikijaa na kupumzika inasoma 12.8 hadi 13.0, kwa hiyo 12.5 ambayo kwenye betri ya maji ni zaidi ya robo tatu, kwenye kavu ni chini ya hapo, na huna kifuniko cha kufungua uingize haidromita. Kwa hiyo tafuta karatasi ya ile ile modeli yako, na ile njia ya kuijaza, kuipumzisha, kunyonya ampea unazozihesabu, kuipumzisha tena na kusoma, inafanya kazi hivo hivo.